Kiuno Kwanza, Pindo Baadaye: Niliyojifunza kwa Kupunguza Suruali za Majirani

Kazi inayorudi mlangoni kwangu wiki baada ya wiki si gauni wala suti. Ni suruali ndefu. Viwandani suruali hukatwa ndefu makusudi, kwa sababu mfupi anaweza kupunguziwa, lakini mrefu hawezi kuongezewa kitambaa ambacho hakipo. Mtu akinunua suruali inayomtosha mapaja, mara nyingi miguu inaburura au kiuno kinapwaya. Hahitaji fundi wa kumshonea nguo mpya. Anahitaji jirani mwenye sindano, pasi na mkono mtulivu, atakayeirudisha suruali kesho kutwa ikiwa imekaa sawasawa.

Nilianza bila cherehani. Nilikuwa na sindano za mkono za ukubwa tofauti, mkasi ambao haukukata karatasi hata siku moja, pini, chaki, futi ya kupimia, kisu kidogo cha kufumulia mshono, na pasi. Cherehani ilikuja baadaye, ikanipunguzia muda, lakini pindo la suruali ya heshima mpaka leo nalikunga kwa mkono. Katika vifaa vyote hivyo, pasi ndiyo ambayo wanaoanza huidharau, na mimi ndiyo ninayoitegemea zaidi. Pindo lililoshonwa vizuri bila kupigwa pasi huonekana kama kazi ya dharura.

Uzi nao unastahili neno. Usichague rangi kwa kutazama kidonge kizima cha uzi dukani. Vuta nyuzi kidogo, ulaze mmoja peke yake juu ya kitambaa, ndipo utazame. Uzi ukiwa umeviringwa huonekana umekolea kuliko unavyoonekana ukishashonwa. Ikiwa rangi haipatani kabisa, mimi huchukua iliyokolea kidogo kuliko kitambaa, kwa kuwa uzi mweupe-mweupe juu ya nguo nzito huonekana kutoka mbali. Nyeusi, buluu nzito, kijivu, kahawia na nyeupe zinamaliza sehemu kubwa ya kazi za suruali. Rangi nyingine hununuliwa kazi ikija.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii.

Kijana mmoja jirani alikuja na suruali ya kijivu, kitambaa chepesi cha mchanganyiko wa poliesta. Alikuwa anaanza kazi Jumatatu. Aliivaa, akakunja mguu mmoja kwa mkono, akaniambia, "Mama, kata hapa tu. Na kiuno kinapwaya, nacho kibane kidogo."

"Umekuja na viatu utakavyovaa kazini?" nikamuuliza.

Alikuwa na kandambili. Nikamrudisha nyumbani akavilete. Kisigino cha kiatu kinaweza kubadili urefu kwa sentimita 2 au 3, na hiyo ndiyo tofauti kati ya suruali iliyokaa na suruali iliyopanda. Aliporudi nikamwambia avae mkanda, apandishe suruali pale anapoivalia siku zote, asimame kwa miguu yote miwili na atazame mbele. Hili la kutazama mbele nalisimamia bila huruma. Mteja hupenda kuinama aone unachofanya, na akiinama tu, kiuno cha nyuma kinapanda, kinavuta mguu, na kipimo chako kinaharibika bila wewe kujua.

Nilipokunja mguu kama alivyotaka, ziada ilikuwa sentimita 7. Hapo ndipo anayefanya haraka angechukua chaki akapiga mstari. Lakini suruali ile ilikuwa pia inapwaya kiunoni, na suruali inayopwaya huteleza ikakaa chini ya mahali pake. Kiuno kikibanwa, suruali yote inapanda, na pindo linapanda nalo. Kwa hiyo nikasimama nyuma yake, nikabana kiuno pale katikati kwa pini mpaka kikamshika bila kumkaba. Nilichobana kilikuwa sentimita 4 kwa jumla. Nikamwambia atembee hatua chache, akae kwenye kiti, asimame tena. Kisha nikarudi kupima mguu. Ziada sasa ilikuwa sentimita 5 na nusu, si 7.

Tofauti hiyo ya sentimita moja na nusu ndiyo sababu naandika haya. Angekatiwa sentimita 7 kwanza, kisha kiuno kikabanwa, angekwenda kazini na suruali inayoonyesha soksi akisimama, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nguo zilizoharibiwa kwa namna hii huletwa kwangu mara kwa mara zikiwa zimeshakatwa, na mara nyingi kilichobaki ni kuteremsha pindo lote na kushona kipande kingine kwa ndani ili ukingo upate kitu cha kukunjia. Ndiyo maana mtu akileta kazi mbili kwenye nguo moja, kiuno na urefu, nafanya kiuno kikamilike, namvalisha tena, ndipo nagusa pindo. Hilo halibadiliki hata mteja akiwa na haraka.

Kuhusu urefu wenyewe, kwa suruali ya kitambaa naangalia vitu viwili. Mbele, ukingo uguse kiatu na kuvunjika kidogo tu. Nyuma, ushuke mpaka kama nusu ya kisigino cha kiatu. Nyuma ndiko kunakoamua, kwa sababu suruali ikiwa ndefu huko ndiko inakokanyagwa na kuchanika. Na napima miguu yote miwili. Watu wengi wana nyonga moja iliyopanda kuliko nyingine, tofauti ya nusu sentimita au zaidi, na wenyewe hawajui. Ukipima mguu mmoja ukauiga kwa mwingine, suruali itakuwa sawa mezani na haitakuwa sawa mwilini.

Kijana akaenda, nikabaki na kiuno. Suruali za kitambaa za wanaume mara nyingi zina mshono wa katikati nyuma unaopita mpaka kwenye ukanda wa kiunoni, na ndani yake huachwa kitambaa cha ziada kwa ajili ya kazi hii hii. Niliondoa lupu ya mkanda iliyo katikati, nikafumua ukanda pale unaposhikana na suruali, urefu wa kiganja kila upande, kisha nikafumua mshono wa makalio kuanzia juu. Sentimita 4 za kupunguza maana yake ni sentimita 2 kila upande wa mshono. Nikapiga chaki mstari mpya kuanzia hizo sentimita 2 kiunoni, ukiteremka na kusogelea mshono wa zamani taratibu, mpaka ukaungana nao kabla mshono haujaanza kupinda kuelekea kati ya mapaja. Hapo pa kupinda sipagusi bila sababu. Ukiingiza mstari mpya ndani ya kona ile, suruali huanza kuzama katikati ya makalio, na mwenye nguo atakuwa akiivutavuta kila akisimama.

Kabla ya cherehani nilipiga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikizia tu, nikamwita avae tena. Mtihani wa kiuno si kusimama. Ni kukaa na kuchuchumaa. Nikamtazama nyuma akiwa amekaa: ukanda haukumkata tumboni na haukuacha mwanya mgongoni. Makunyanzi ya mlalo chini ya ukanda yangeniambia kwamba nimebana kupita kiasi, na kitambaa kinachoning'inia chini ya makalio kingeniambia kwamba nilichopunguza kiunoni kilihitajika pia chini kidogo. Vyote havikuwepo. Nikashona mara mbili juu ya mstari ule ule, kwa sababu mshono wa makalio ndio unaobeba nguvu zote mtu anapoinama, nikaondoa bandi, nikaufungua mshono kwa pasi, nikarudisha ukanda na lupu. Kitambaa cha ziada ndani sikukikata. Akinenepa, kitamfaa, na atakuja kwangu kukiachia.

Kuna mpaka wa kazi hii, na ni vizuri kuujua kabla hujakubali. Kwa mshono wa nyuma peke yake sipunguzi zaidi ya sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inaonekana kama inanong'onezana, na mishono ya pembeni inavutwa kuelekea nyuma. Kabla ya kubana, pima umbali kati ya mifuko ile miwili, toa kiasi utakachopunguza, utazame kinachobaki. Mtu anayehitaji sentimita 10 anahitaji kufumuliwa pembeni pia, pamoja na mifuko ya mbele, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Mara nyingi namwambia waziwazi kwamba suruali ile si yake.

Hesabu hii ya pande huwachanganya hata wenye uzoefu, hasa kwenye shati. Shati lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kitambaa cha mbele na cha nyuma. Ukiingia ndani sentimita 1 na nusu tu kila mshono, umeondoa 3 kushoto na 3 kulia, jumla 6. Anayesema "nimebana kidogo tu" huwa ameondoa mara nne ya kile alichokiona chini ya sindano.

Turudi kwenye pindo. Nilifumua pindo la zamani, nikalinyoosha kwa pasi mpaka mkunjo ukalala. Nikapima kutoka mkunjo wa zamani kwenda juu sentimita 5 na nusu, nikapiga mstari wa chaki kuzunguka mguu. Hapo ndipo pindo jipya litakapokunjwa. Chini yake nikaacha sentimita 4 za kukunjia ndani, nikapiga mstari wa pili, wa kukatia. Kabla ya mkasi nikailaza miguu miwili mmoja juu ya mwingine, mishono ya ndani ikilingana, nikapima tena. Sikati mguu wa pili kwa kufuata wa kwanza kama kiolezo. Kila mguu unakatwa kwa mstari wake.

Baada ya kukata, ukingo hufumuka nyuzi, kwa hiyo nikauzungushia zigizaga. Asiye na cherehani anauzungushia uzi kwa mkono, mishono ya mshazari iliyokaribiana, na inashika vizuri vilevile.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka pindo limeanza kuvuta. Mguu wa suruali unakuwa mwembamba kadiri unavyoteremka. Ukikunja ukingo kwenda juu, ule ukingo mwembamba unatakiwa kulala mahali ambapo mguu ni mpana zaidi. Kwenye suruali ile, mguu ukiwa umelazwa mezani, ulikuwa na upana wa sentimita 20 kwenye mkunjo mpya, 19.4 kwenye ukingo uliokatwa, na 20.6 pale ukingo ulipotakiwa kushonwa. Pengo ni sentimita 1.2. Ukilazimisha, pindo litavuta na nje utaona mguu umekunjamana kama umebanwa na lastiki. Dawa yake ni kufumua mishono ya pembeni na ya ndani chini ya mstari wa mkunjo tu, kisha kuishona upya ikifunguka kuelekea nje, upana ukiongezeka kidogo kidogo mpaka kwenye ukingo. Hapa ilitosha kutoa milimita 6 kila upande, na ndani ya mshono kitambaa kilikuwepo. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na ndiyo inayotofautisha pindo linalolala na pindo linalopigana na mguu.

Kukunga kwenyewe nalifanya kwa mshono wa siri. Sindano nyembamba, uzi usiozidi urefu wa mkono kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko, maana uzi mrefu hujisokota na kuchakaa. Nakunja ukingo wa ndani kurudi nyuma kama nusu sentimita, nashona kwenye lile bonde kati ya ukingo na mguu. Upande wa mguu sindano inachukua nyuzi moja au mbili tu za kitambaa, upande wa pindo inachukua zaidi, na kati ya mshono na mshono naacha karibu sentimita moja. Uzi siukazi. Unatakiwa kulegea kiasi cha kucheza kidogo. Ukitazama nje ukaona vidoto au vishimo vimejipanga, umekaza uzi au umechukua kitambaa kingi. Fumua pale pale, pasi haitavificha. Faida ya kushona ndani ya bonde, badala ya juu ya ukingo, ni kwamba vidole vya mguu havinasi kwenye uzi mtu anapovaa asubuhi kwa haraka.

Pasi ya mwisho ina adabu yake. Naweka kitambaa chembamba chenye unyevu juu, nakandamiza, nainua, nahamia pembeni. Siburuti. Na sikandamizi juu ya ukingo wa ndani wa pindo, kwa sababu alama yake itatokeza nje kama mstari. Poliesta ikipigwa pasi ya moto mkali bila kitambaa juu yake hung'aa, na mng'ao ule hauondoki.

Suruali za jinzi ni habari nyingine, na huku ndiko kuliko na wateja wengi vijana. Wao hawataki pindo jipya. Wanataka ule ukingo wa kiwandani, uliochujuka na kukunjamana, ubaki. Inawezekana bila kuukata kabisa. Kunja mguu kwenda nje, ukingo wa kiwandani ukitazama juu. Ukitaka kupunguza sentimita 6, pima kutoka mstari wa juu wa ukingo ule hadi kwenye mkunjo wako uwe 3, yaani nusu, kwa kuwa kitambaa kimejikunja mara mbili. Ukingo wenyewe usiuhesabu. Weka pini, kisha shona kuzunguka, sindano ikipita ikigusa kabisa mstari wa juu wa ukingo bila kuukanyaga. Ukiuteremsha ukingo, kile kikunjo kinaingia ndani, na nje unabaki mshono mmoja uliojificha juu ya ukingo. Kikunjo cha ndani unaweza kukiacha kwa mtoto anayekua, au kukikata ukiacha sentimita moja na kuuzungushia zigizaga.

Tabu ya jinzi ni pale mishono inapokutana, ambapo sindano inapenya tabaka nyingi kwa mara moja. Natumia sindano namba 100, iliyo nene kuliko ile namba 80 ya vitambaa vya kawaida. Nagonga pale penye unene kwa nyundo ndogo juu ya ubao mpaka palainike, na nikifika hapo naacha kukanyaga, nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Mguu wa cherehani ukianza kuinuka mbele, naweka kipande cha kadibodi kilichokunjwa nyuma yake ili ulale sawa. Mishono inayoruka hutokea hasa pale mguu unapoinama, na sindano huvunjika hapo hapo.

Jinzi na pamba nyingine sizigusi kabla hazijafuliwa. Pamba mpya inaweza kujivuta kwa asilimia 3 ikifuliwa na kukaushwa. Kwenye mguu wa ndani wa sentimita 76 hiyo ni zaidi ya sentimita 2. Namwambia mwenye nguo, "Nenda kaifue kwanza, uikaushe kama unavyokausha siku zote, kisha uniletee." Wengine hununa. Lakini hakuna aliyerudi kulalamika kwamba suruali imepanda.

Upande wa pili wa kazi ni kuachia, na hapa wazazi ndio wateja. Suruali na sketi za watoto huletwa pindo literemshwe. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kugeuza pindo na kuupasua mshono kidogo mbele ya mzazi, ili sote tuone rangi ya ndani. Kitambaa kilichojificha hakikupigwa na jua wala kusuguliwa kama cha nje, na kwenye mkunjo wa zamani huwa kuna mstari uliochujuka. Mkunjo wa kawaida unaweza kulainishwa: siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, kitambaa kilicholowekwa humo, kisha pasi juu yake, baada ya kujaribu kwanza kwa ndani kama rangi inachuja. Lakini mstari uliochujuka haufutiki, na mzazi anapaswa kulijua hilo kabla ya kazi, si baada. Nikiuona, namwonyesha njia moja inayopendeza: kupiga mistari miwili mitatu ya mshono sambamba na ule uliochujuka, ili uonekane kama pambo.

Ziko nguo zisizokubali kufumuliwa kabisa. Ngozi, mahameli na vitambaa vya kuzuia mvua hubaki na matundu ya sindano. Kupunguza unaweza, kwa kuwa matundu ya zamani yanaingia ndani. Kuachia hapana, yatatokea nje. Ukiwa na shaka na kitambaa, fumua mishono mitatu minne mahali pasipoonekana, pitisha mvuke wa pasi, sugua kwa ukucha. Matundu yakiziba, endelea. Yasipoziba, rudisha nguo. Na koti la suti linalozidi mabegani silichukui. Mabega yamejengwa kwa pedi na tabaka za ndani, na anayeweza kuyafungua na kuyarudisha ni fundi wa makoti. Namwelekeza mteja kwake bila aibu, naye huniletea watu wenye pindo ambazo yeye hana muda nazo.

Kuhusu malipo, nilipanga bei kwa muda, si kwa jina la kazi. Nilichukua saa na daftari, nikaandika kila kazi ilichukua dakika ngapi tangu mteja anapoingia mpaka nguo inapotundikwa. Ndipo nilipoona kwamba kwenye kiuno, kufumua kunakula muda kuliko kushona, na kwamba kumvalisha mteja mara mbili ni kazi inayostahili kulipwa. Pindo la kawaida la mkono linanichukua karibu saa moja na robo kwa miguu miwili, pamoja na pasi. Jinzi kwa cherehani ni nusu ya hapo. Kiuno kinakaribia saa mbili. Aliyeanza hivi karibuni atachukua zaidi, na asilipishe muda wake wa kujifunza. Jirani hubishana ukimwambia bei ya "kubana kidogo tu". Ukimwonyesha lupu, ukanda na mshono vinavyotakiwa kufumuliwa, huelewa.

Kila nguo inayoingia inapata kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini: jina, kazi, sentimita, tarehe ya kuchukua. Kabla mwenyewe hajaondoka naikagua nguo naye kwenye mwanga, doa liko wapi, zipu inafunga, kuna tundu gani. Tunaandika. Kazi zenyewe nazipanga kwa rangi ya uzi, nyeusi zote pamoja, kisha buluu, kwa sababu kubadili uzi na kuurekebisha kila mara kunapoteza muda mwingi. Kipande kilichokatwa nakifunga pamoja na nguo na kumrudishia mwenyewe. Goti likichanika, kiraka cha kitambaa kile kile kipo tayari.

Katika daftari nimeandika pia urefu wa mguu wa ndani wa kila mteja wa kudumu, kushoto na kulia. Kuna wanaotuma suruali kwa mtoto na ujumbe mmoja tu, "kama ile ya juzi." Ikiwa ni ya muundo ule ule, inatosha. Ila suruali inayokaa chini ya kitovu na ile inayopanda juu yake hazina kipimo kimoja cha mguu, kwa kuwa mahali miguu inapoungana panashuka au kupanda kwa mwenye mwili ule ule. Kwa hiyo ikija ya muundo mpya, namrudisha mtoto na jibu: mwambie baba aje mwenyewe, na viatu.